Tangi la "lita 300" haliingii lita 300, na stendi ya "kilo 300" imepinda wiki ya tatu

Kambale Mkali (mwanzisha uzi):

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Nimeuziwa tangi la samaki lililobandikwa lita 300 pamoja na stendi yake. Muuzaji akaniambia stendi inabeba kilo 300, kwa sababu lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo hesabu imetimia. Nikamwamini. Wiki ya tatu milango ya stendi ikaanza kukwama. Nikakaza uzi kwenye ukingo wa mbele wa ubao wa juu, kutoka pembe hadi pembe: katikati ubao umeshuka milimita 4.

Hapo ndipo nikachukua tepu na kupima mwenyewe, jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza. Kwa nje tangi ni sentimita 120 kwa 50 kwa 50. Zidisha, gawa kwa 1000, unapata 300. Kumbe lita zao wamezipata kwa kupima nje ya kioo! Maji hayakai ndani ya unene wa kioo. Kioo changu ni cha milimita 10, kwa hiyo urefu wa ndani ni 118 na upana ni 48. Kimo ni 49, kwa sababu kioo cha chini kinakula sentimita moja na juu ni wazi.

118 × 48 × 49 ÷ 1000 = 277.5

Na hizo ni lita za kujaza hadi maji yamwagike. Nani anajaza hivyo? Mimi naacha sentimita 5 juu, kwa hiyo kina ni 44 na lita ni 249. Zaidi ya lita 50 zimeyeyuka.

Linaloniuma zaidi ni uzito. Maji kilo 249. Vioo vyenyewe nimevipigia hesabu kwa kilo 2.5 kwa kila lita ya kioo, vinafika kilo 56. Changarawe kilo 45, mawe kilo 20, kifuniko na taa na filta kilo 8. Jumla 378! Namba moja ile ile imenidanganya pande mbili: kwa maji ni kubwa mno, kwa uzito ni ndogo mno. Nilipompigia muuzaji, akasema "matangi yote yanapimwa hivyo." Eti hilo ndilo jibu.

Randa Kavu:

Mkuu, punguza moto. Mimi ni seremala. Mbao ya mbili kwa nne ikishapigwa randa haifiki mbili kwa nne, na hakuna anayeshtaki mtu. Ni jina tu. Halafu kwa hesabu yako maji ni 249, stendi ni ya 300, una akiba ya kilo 51. Kama imepinda, huenda sakafu yako haiko sawa.

Kambale Mkali:

Fundi, umehesabu maji peke yake. Kioo kinaelea? Na kuhusu jina, wewe ukinunua mbao unajua itapungua. Mimi niliambiwa lita.

Mzee wa Filta:

Mtoa mada, hasira yako ni halali, ila umezidisha mahali pamoja. Changarawe na mawe havikai juu ya maji yako, vimechukua nafasi ya maji. Changarawe yako ina kina cha sentimita 5, sivyo? Hizo kilo 45, ukiacha mianya kati ya kokoto, ni lita 17 hivi za jiwe tupu. Mawe ya kilo 20 ni lita 8 hivi. Toa 25 kwenye 249, maji yako halisi ni lita 224. Jumla inakuwa 353, si 378. Bado muuzaji amekosea kwa kilo 53, na siku utakayojaza hadi ukingoni unaongeza 28 nyingine. Mimi nisingekubali stendi iliyo chini ya kilo 400 kwa tangi hilo.

Sasa Randa Kavu, kuhusu sakafu una nusu ya haki. Sakafu mbovu huinamisha stendi nzima upande mmoja, na utaliona hilo kwenye mstari wa maji: upande mmoja maji yako karibu zaidi na ukingo. Ubao ulioshuka katikati huku pembe ziko sawa ni habari nyingine. Kambale, chini ya ubao wa juu kuna nguzo ya katikati?

Kambale Mkali:

Hakuna. Mbao mbili za pembeni na mgongo mwembamba. Ubao wa juu ni chipubodi.

Mzee wa Filta:

Ndiyo hiyo. Sentimita 120 bila kitu katikati, na chipubodi haipindi siku moja, inaendelea kulegea polepole chini ya mzigo ule ule. Ikilowa pembeni inavimba na kupoteza nguvu kabisa. Kilo za kwenye karatasi hazisaidii kama uzito haushuki moja kwa moja kwenye nguzo.

Fanya hivi leo. Chukua kadi nyembamba, ipitishe kati ya kioo cha chini na ubao, katikati ya upande wa mbele. Ikiingia, kioo kimebaki kinaning'inia na kinabebwa na pembe tu. Halafu pitisha kidole kwenye silikoni ya pembe za chini, utafute unyevu. Tangi lako kwa kila sentimita ya kina ni lita 5.66, kwa hiyo ukishusha maji kwa sentimita 24 umeondoa kilo 136. Samaki watabaki na kina cha 20 ukihesabu na changarawe. Usijaribu kuinua ubao kwa jeki tangi likiwa na maji. Kioo kikisukumwa mahali pamoja kinapasuka.

Mama Gapi:

Afadhali wewe ni stendi. Mimi nilitia dawa ya madoa meupe kwa lita 100 zilizoandikwa kwenye tangi. Samaki sita walikufa usiku mmoja. Baadaye nikalijaza tena kwa ndoo ya lita 10, mawe yakiwa ndani, nikihesabu: ndoo saba na kitu, lita 74. Niliwapa dawa zaidi kwa theluthi. Tangu siku hiyo nahesabu ndoo, sisomi kibandiko.

Mpangaji wa Juu:

Samahani wakuu, kwa hiyo tangi la plastiki la juu ya paa nalo linapungua hivyo hivyo? Na mimi nakaa ghorofani, nataka tangi la samaki kama hilo. Sakafu itabeba?

Mzee wa Filta:

La paa ni suala jingine, plastiki yake ni nyembamba na halina changarawe. La sakafu ni swali zuri. Kilo 353 juu ya eneo la 120 kwa 50 ni kama kilo 590 kwa mita ya mraba. Likikaa ukutani, likikatiza juu ya boriti kadhaa, ni tofauti na katikati ya chumba. Bila kujua boriti zinapita wapi sikujibu ndiyo.

Randa Kavu:

Haya, kuhusu nguzo ya katikati nakubali. Ila kibandiko bado ni desturi ya biashara.

Kambale Mkali:

Kadi imeingia, wakuu. Imepita hadi nusu ya upana. Silikoni bado kavu. Nimeshusha maji hadi 20 na ubao umerudi milimita moja tu, tatu zimebaki. Stendi hii hailirudii tangi langu. Kesho nampelekea muuzaji tepu na hesabu yote imeandikwa.