Ati "tatizo ni wewe"! Seva iko nyuma ya NAT, mtu ananicheka mbele za watu

MotoWaKifuu (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Mnamjua yule bwana, sina haja ya kumtaja. Yule ambaye hata ukikohoa, yeye anakwambia kikohozi chako ni toleo la zamani. Leo kanivua nguo kwenye kikao cha mtandaoni, watu kumi na wawili wanatazama skrini yangu.

Nina mashine ya Linux ndani ya VirtualBox, mtandao wake ni NAT, ndani kuna nginx. Nataka ukurasa ufunguke kwenye brauza ya kompyuta mwenyeji. Kanuni ya kupitisha poti niliiandika mwenyewe, nikaisoma mara mia saba:

```
VBoxManage controlvm "maabara" natpf1 "tovuti,tcp,127.0.0.1,8080,,80"
```

Nikajaribu kutoka kwa mwenyeji:

```
$ curl http://127.0.0.1:8080
curl: (56) Recv failure: Connection reset by peer
```

Nikamwambia haifiki. Akaomba aongoze skrini, akaingia ndani ya mgeni, yaani hiyo mashine ya Linux, akapiga `curl http://127.0.0.1`. Ukurasa ukatokea, umepambika kama bibi harusi. Akacheka. Akasema, "Seva inafanya kazi. Tatizo ni wewe." Halafu akatoka kikaoni kabla sijafungua mdomo!

Tatizo ni wewe! Mimi! Niliyekesha na hiyo kanuni mpaka macho yakawa mekundu kama nyanya. Watu kumi na wawili, kimya, hakuna hata mmoja aliyesema "pole".

kobe_mzee

Uzi mzima kwa maneno matatu? Angekutukana nne ungeandika kitabu.

Shangazi Waya

Mwanangu, hiyo kanuni umeacha pengo. Angalia kabla ya 80, kuna koma mbili zimefuatana. Pale panatakiwa anwani ya mgeni, 10.0.2.15. Jaza uone.

MotoWaKifuu

Nimejaza, shangazi. Nimefuta kanuni, nimeandika upya. Jibu lilelile, 56. Na yule bado anacheka masikioni mwangu.

mpiga_mbizi

Shangazi hajakosea sana. Pengo linaruhusiwa mradi mgeni anapata anwani yake kwa DHCP ya hiyo NAT, kwa sababu VirtualBox inajua imempa ipi. Ukiwa umempangia mgeni anwani kwa mkono, hapo lazima ujaze. Ila kwa Moto siyo hilo. Mkuu, ingia ndani ya mgeni, piga hii, utuletee mstari wa 80:

```
sudo ss -tlnp
```

bwana_ruta

Mimi niliingia kwenye ruta nikafungua poti 8080, ikakubali siku hiyohiyo. Wewe umefungua?

mpiga_mbizi

Bwana Ruta, hapa ruta haihusiki kabisa. Ombi linatoka kwenye kompyuta na kuishia kwenye kompyuta hiyohiyo.

MotoWaKifuu

Huu hapa:

```
LISTEN 0 511 127.0.0.1:80 0.0.0.0:*
```

Naona LISTEN. Inasikiliza! Sasa nimekosa nini mimi mpaka niambiwe tatizo ni wewe mbele ya kadamnasi?

mpiga_mbizi

Hujakosea kanuni. Tazama anwani iliyo kabla ya `:80`. Seva yako inasikiliza 127.0.0.1 peke yake, na hiyo ni 127.0.0.1 ya mgeni, yaani ni yeye na nafsi yake. VirtualBox ikipokea ombi lako kwenye 8080 ya mwenyeji, inalipeleka kwa mgeni kupitia kadi yake ya mtandao, kwa anwani 10.0.2.15. Linafika mlangoni, ila kwenye mlango huo hakuna anayesikiliza, basi mgeni analikataa.

Hata kosa lenyewe linakwambia hivyo. Kanuni ingekuwa haipo, curl ingekupa namba 7, `Connection refused`, kwa sababu 8080 ingekuwa haina mtu. Wewe umepata 56, maana VirtualBox ilikufungulia kwanza upande wa mwenyeji, ikaenda kwa mgeni, ikakataliwa, ndipo ikakukatia. Wengine wanapata 52, jibu tupu, ni familia moja. Ingening'inia muda mrefu bila neno, ningeshuku ukutamoto wa mgeni.

Na jaribio la huyo bwana halikupima chochote. Alibisha hodi akiwa tayari ameketi ndani.

MotoWaKifuu

ALIBISHA HODI AKIWA NDANI! Mnasikia? Halafu akacheka! Mkuu, nimefungua faili la nginx, kweli kuna `listen 127.0.0.1:80;`. Nimebadilisha ikawa `listen 80;`, nimepiga `sudo systemctl reload nginx`. Bado 56. Natafuna kibodi.

mpiga_mbizi

Reload hapo haitoshi. nginx inajaribu kushika 80 kwenye anwani zote wakati bado imeishikilia 127.0.0.1:80 yenyewe, inajizuia, inarudi kwenye mpangilio wa zamani kimyakimya. Soma `/var/log/nginx/error.log`, utakuta `bind() to 0.0.0.0:80 failed`. Piga `restart`, halafu rudia `ss`. Ukiona `0.0.0.0:80`, umemaliza.

MotoWaKifuu

IMEFUNGUKA. Brauza ya mwenyeji, `http://127.0.0.1:8080`, ukurasa huu hapa unanitazama. Sasa nani atamwambia yule mtu? Watu kumi na wawili walisikia "tatizo ni wewe", nataka wale wale kumi na wawili wasikie kwamba tatizo lilikuwa mstari mmoja wa listen, na yeye ndiye aliyepima mahali pasipostahili.

kobe_mzee

Faili la nginx aliandika nani? Maana kama ni wewe, yule bwana bado ana hoja.

MotoWaKifuu

Niliunakili kutoka kwenye mashine aliyoiandaa YEYE.

kobe_mzee

Nimenyamaza.

chachandu

Mngetumia `Bridged Adapter` mngelala mapema. Mgeni anapata anwani yake kwenye mtandao, hakuna cha kupitisha poti.

Shangazi Waya

Chachandu, kuna mitandao ya ofisi haitoi anwani kwa mashine isiyoijua. Nimekaa siku mbili na bridged yangu haina anwani, fundi wa mtandao hashiki simu. Usiniambie habari za kulala mapema.

nyuki_saba

Afadhali nyie. Mimi poti zinapita vizuri, ila kwenye logi ya mgeni kila anayekuja kupitia kanuni anaonekana ni 10.0.2.2. Wote! Nikaweka fail2ban kwenye SSH, mwenzangu mmoja akakosea nenosiri mara kadhaa, ikafungia 10.0.2.2. Tukafungiwa sote, na mimi nikiwemo. Nimeingia kwa dirisha la VirtualBox lenyewe kwenda kujifungulia.

chachandu

Bridged isingekufanyia hivyo.

nyuki_saba

Wewe na bridged yako! Nimekwambia nina shida ya logi. Nikimwondoa 10.0.2.2 kwenye orodha ya kufungiwa, basi fail2ban inamlinda nani?

bwana_ruta

Samahani, nimerudi. Mimi simu yangu iko kwenye Wi-Fi moja na kompyuta, haifungui 8080 ya Moto kwenye mashine yangu. Nimeiga kanuni yake herufi kwa herufi.

mpiga_mbizi

Kanuni yake ina 127.0.0.1 upande wa mwenyeji, kwa hiyo inapokea kutoka kompyuta hiyohiyo tu. Futa hiyo anwani, acha pengo, VirtualBox itasikiliza kila upande. Ila hapo kila aliye kwenye Wi-Fi ataiona.

bwana_ruta

Nimefuta. Kompyuta inafungua, simu inazunguka tu, haisemi kitu. Ni ruta?

Shangazi Waya

Ukutamoto wa kompyuta yenyewe umeuangalia?

bwana_ruta

Huo uko wapi?