Kozi ya Kiitaliano haikulingana na maelezo, na dhamana imebakiza siku tatu

Kijana_wa_Malindi
Assalamu alaykum wanajamvi. Mimi huongoza watalii hapa Malindi, na kwa kuwa wageni wengi ni Waitaliano, tarehe 3 nililipa shilingi 9,500 kwa kadi ya benki ili nisome Kiitaliano mtandaoni. Tangazo liliahidi vipindi 24 vya moja kwa moja na mwalimu, na kurudishiwa fedha ndani ya siku 14 kwa asiyeridhika. Nilichokuta ni video 11 zilizorekodiwa, na ya nne inakatika mwalimu akiwa bado anahesabu, amefika kumi na tano. Leo ni tarehe 14. Nimelalamika kwa WhatsApp, nikajibiwa kwamba vipindi vitaanza mwezi ujao, nivute subira. Je, nivute?

Nahodha_Mstaafu
Tuma ule ujumbe wa M-Pesa kwenda 456, fedha zitarudishwa.

Binti_Shela
Nahodha, 456 humfaa aliyekosea namba ya M-Pesa, na huyu amelipa kwa kadi.

Ndugu yangu, usivute. Mwezi ujao dhamana itakuwa imekwisha, na jibu lao halisogezi siku hata moja maadamu hawakuandika tarehe mpya. Leo hii tuma barua pepe kwenye anwani iliyo katika masharti yao, kwani WhatsApp wanaweza kuikana. Usiandike kwamba hukuridhika tu, weka ahadi yao kando ya ulichopata, hivi: “Mliahidi vipindi 24 vya moja kwa moja, nimepata video 11 na hakuna kipindi hata kimoja. Nimenunua tarehe 3, naomba leo tarehe 14 kozi ifutwe na nirudishiwe shilingi 9,500.” Kabla ya kutuma, piga picha ya skrini ya tangazo, maana likibadilishwa utabaki na maneno matupu. Wakikataa, peleka pingamizi benki kwamba huduma haikulingana na maelezo. Watakuuliza kwanza kama ulimwandikia muuzaji.

Mama_Mambrui
Mwanangu alimaliza kozi ya ushonaji, akachukua cheti, ndipo akadai fedha. Alinyimwa, na mimi sikumwonea huruma. Wewe umetazama ngapi?

Kijana_wa_Malindi
Tano, mama. Nimesoma masharti sasa hivi: anayedai asiwe ametazama zaidi ya theluthi ya kozi.

Binti_Shela
Hapo pana utata. Tano kati ya 11 inapita theluthi, lakini kozi waliyokuuzia ni ya vipindi 24, na theluthi yake ni vinane. Ishike hoja hiyo, ingawa siwezi kukuapia kwamba wataikubali. Usifungue video nyingine, kwa kuwa mfumo wao unahesabu.

Kijana_wa_Malindi
Nimetuma saa tano na nusu usiku, pamoja na picha. Limekuja jibu la mashine lenye nambari ya ombi, nami nimelihifadhi.