Wageni wamezidi vyumba leo, nimhamishe nani?

ZamuYaUsiku
Wakuu, niko mapokezi hoteli ndogo Mji Mkongwe, na wiki hii ni ya tamasha la Sauti za Busara. Tuna vyumba 18. Wanaoendelea kulala ni 11, wanaoingia leo 8. Kati ya hao 8 yumo mmoja aliyekuja bila buking; mwenzangu wa asubuhi alimuuzia chumba, akasahau kufunga tarehe kule Booking.com. Juu ya hapo, namba 9 kiyoyozi kinamwaga maji kitandani. Bado hawajafika watatu: maharusi walio fungate, familia yenye watoto wawili, na mzee mmoja wa usiku mmoja tu anayekuja na boti ya mwisho kutoka Dar. Meneja kaniambia "malizana nao". Nianzie wapi?

Kandambili
Rahisi. Wa mwisho kufika ndiye anayeondoka. Waliowahi wamewahi.

BiMapokezi
Kandambili, je wa mwisho akiwa ni mama na watoto waliolala? Mdogo wangu, angalia nani ataumia kidogo. Huyo mzee, maana kesho anaondoka na hahami mara mbili. Lakini kwanza mwite fundi namba 9. Mara nyingi ni mpira wa kutolea maji umeziba tu. Akiuzibua, badilisha godoro, umebaki na pungufu la mtu mmoja badala ya wawili.

Halafu piga simu hoteli za jirani sasa hivi, hadhi yenu au zaidi. Chumba kishikwe kwa jina la mzee, bili ije kwenu, na uandike jina la uliyeongea naye. Mgeni asilipe zaidi ya alichokubaliana nanyi. Teksi haiingii vichochoroni, kwa hiyo mtu wenu ambebee begi mpaka mlangoni.

Akifika usimjazishe fomu kwanza. Mkalishe pembeni, mpe maji baridi, sema: "Tumekosea sisi, chumba chako hakipo, tumekuandalia kingine." Usisingizie mfumo.

MtuWaSafari
Mimi nilihamishwa hivyo Arusha saa tano usiku, teksi nikalipa mwenyewe. Hawakunirudishia mpaka leo. Kwani sheria inasemaje?

ZamuYaUsiku
Pole kaka. Fundi kaweza, namba 9 imekauka. Nimempigia mzee WhatsApp, hajapokea. Ila alishalipa mtandaoni. Nimwambie afute buking?

BiMapokezi
Usithubutu! Akifuta yeye itaonekana kajitoa mwenyewe na anaweza kukatwa pesa. Piga nyinyi kule Booking.com kabla hajahama, waandike kwamba kosa ni la hoteli. Pesa mtamalizana baadaye kwa mkataba wenu.

Kandambili
Kumpigia mapema nako ni hatari. Atajitafutia chumba cha bei ya juu akuletee risiti.

BiMapokezi
Mimi napiga. Heri risiti kuliko kelele mapokezi.

ZamuYaUsiku
Kandambili ana hoja pia, sijui. Jirani wamenishikia chumba mpaka saa moja. Boti inafunga gati, nashuka bandarini mwenyewe na kijana wa mizigo.