Tupeane uzoefu: umeletewa ankara ya kazi ambayo haikufanyika, uliwaandikia nini wahasibu wao?

Mama_Zahanati: Wakuu, habari za leo. Nasimamia manunuzi ya zahanati huku Morogoro. Kampuni inayotufanyia sevisi ya jenereta imeleta ankara ya 2,360,000 pamoja na VAT, majenereta mawili. Fundi aligusa moja tu. La pili filta ya oili ni ileile, ina tarehe ya mwaka jana iliyoandikwa kwa maka peni. Nikimpigia meneja mauzo ananiambia "nitafuatilia". Nyie mlifanyaje?

Kabwela: Usilipe hata shilingi mpaka warekebishe. Watakutafuta wenyewe.

Mhasibu_Mstaafu: Kabwela, kutolipa sehemu inayobishaniwa ni sawa. Ukizuia yote, kwenye vitabu vyao wewe ni mdaiwa sugu tu, na hoja yako inapotea. Mama, achana na mauzo. Andikia idara ya uhasibu, nakala kwa meneja. Karani wa madeni hajui jenereta lako, anajua namba. Kwa hiyo mstari wa kwanza uwe na namba ya ankara, tarehe na namba ya LPO. Kisha andika hivi: "Tunapinga kipengele cha 2, sevisi ya jenereta la pili, Sh 1,000,000 na VAT Sh 180,000. Kazi haikufanyika. Kipengele cha 1, Sh 1,180,000, tunakikubali na tutakilipa. Tunaomba kredit noti ya Sh 1,180,000, au jobu kadi ya jenereta la pili yenye saini yetu." Ombi hilo la jobu kadi ndilo linalowabana, maana kama hawana, hawana dai. Ambatisha picha ya filta na ya mita ya saa.

Juma wa Vifaa: Mimi mteja wangu ananizungusha tangu Machi, mzigo kaupokea na kusaini. Nimwandikieje?

Mhasibu_Mstaafu: Ndugu Juma, yako ni kinyume, wewe ndiye unayedai. Anzisha uzi wako tutakusaidia.

Dada_Stoo: Kwetu waliahidi kwa simu kwamba wamefuta. Mwisho wa mwezi taarifa ya akaunti ikaja na deni lilelile, limeshapita siku 60. Usikubali "tumefuta" bila kredit noti mkononi. Na ukilipa sehemu, andika kwenye malipo ni ya kipengele cha 1, wasije wakaihesabu kama awamu ya deni lote.

Kabwela: Na risiti ya EFD je? Kama wameshaitoa ya pesa yote?

Mhasibu_Mstaafu: Hiyo ni shughuli yao na TRA. Wewe usidai VAT ya kipengele cha 2 kwenye ritani yako.

Mama_Zahanati: Asanteni sana. Nimetuma asubuhi. Mhasibu wao kajibu kwamba jobu kadi ipo, ina saini ya "mlinzi". Mlinzi wetu anasema alisaini kitabu cha wageni getini tu. Nimeomba nakala. Saini ya mlinzi inatufunga?

Dada_Stoo: LPO yenu inasema nani apokee kazi?