2-FAL imeshuka kutoka 1.6 hadi 0.15 baada ya kusafisha mafuta: karatasi imepona au tunajidanganya?

Mlinda_Koili
Wakuu, naomba ushauri kabla ya kikao cha kuongeza lodi. Transfoma ni 132/33 kV, 30 MVA, ya mwaka 1988, karatasi ya kuhami koili ni krafti ya kawaida, mafuta tani 18. Majibu ya 2-FAL, ile furani inayotoka karatasini ikichakaa na kuingia kwenye mafuta, yote kwa ppm:

2015: 1.1
Machi 2018: 1.6
Agosti 2019: mafuta yalisafishwa kwa udongo wa kufyonza, transfoma ikiwa kazini
Septemba 2019: 0.15
Agosti 2020: 0.42
Agosti 2022: 0.48
Agosti 2024: 0.55

Ripoti ya maabara ya 2018 iliandika DP, yaani wastani wa urefu wa minyororo ya selulosi ya karatasi, kuwa 373. Ya 2019 ikaandika 667, na ya mwisho 506. Wenzangu wamechukua hii ya mwisho, wanasema karatasi bado ina nusu ya uhai wake, kwa hiyo tupandishe lodi hadi asilimia 85. Mimi nina wasiwasi. Je, 506 ni namba ya kutegemea?

Zuhura_Maabara
Hapana. Karatasi haina njia ya kupona. Mnyororo wa selulosi ukishakatika umekatika, na hakuna mashine ya mafuta inayouunganisha tena. Kilichoshuka 2019 ni furani zilizokuwa zinaelea ndani ya mafuta, kwa sababu udongo ule hauchagui: unafyonza asidi, unafyonza tope, na furani nazo zinaondoka humo humo.

Maabara imechukua fomula ya Chendong na kuingiza namba iliyopewa:

```
log10(2FAL) = 1.51 - 0.0035 × DP
```

Ukiweka 1.6 unapata 373, ukiweka 0.15 unapata 667, ukiweka 0.55 unapata 506. Hesabu zenyewe ni sahihi kabisa. Kosa ni kwamba fomula inachukulia furani zimekuwa zikijikusanya kwenye mafuta yale yale tangu transfoma iwashwe. Mafuta yakishasafishwa, sharti hilo limevunjika. Ninyi mliijulisha maabara kwamba mafuta yalisafishwa?

Mlinda_Koili
Fomu ya sampuli haina sehemu ya kuandika hivyo, na nimepekua nakala zote sikuona mahali palipotajwa.

Kilovolti
Mkuu, hapo jibu ni rahisi. Ukisafisha mafuta unaanza kuhesabu upya. Chukua 0.15 ya Septemba 2019 kama sifuri yako. Sasa hivi ni 0.55, maana yake imepanda 0.40 kwa miaka 5. Hiyo ni kasi kubwa, karatasi inaungua. Msiguse lodi kabisa.

Zuhura_Maabara
Ndugu Kilovolti, kuanza hesabu upya ni sawa, ila umeanzia mahali pasipofaa. Sehemu kubwa ya 2-FAL haikai kwenye mafuta, inakaa ndani ya karatasi na mbao za kuhami. Ukisafisha mafuta, karatasi inaanza kuachia ilichokuwa nacho mpaka pande zote mbili zisawazike tena. Hilo huchukua miezi, na kwenye transfoma yenye lodi ndogo inayokaa baridi huchukua muda mrefu zaidi. Sampuli ya Septemba 2019 ilichukuliwa wiki chache tu baada ya kazi. Kupanda kutoka 0.15 hadi 0.42 ndani ya mwaka mmoja ni furani za zamani zinazotoka karatasini. Si uharibifu mpya, au angalau kwa sehemu kubwa sivyo.

Msingi mpya ni 0.42 ya Agosti 2020. Kutoka hapo hadi 0.55 ni 0.13 kwa miaka 4, yaani kama 0.03 kwa mwaka. Kabla ya kusafisha ilikuwa 0.5 kwa miaka 3, kama 0.17 kwa mwaka.

Kilovolti
Hapo nimekuelewa dada. Lakini basi kasi imepungua mara tano, na hiyo ni habari njema. Si inamaanisha wanaweza kuongeza lodi?

Mzee_wa_Bushingi
Ngojeni kwanza. Mlinda_Koili, lodi ilikuwa ngapi kabla ya 2019 na ngapi baada yake? Na unyevu na asidi ya mafuta je?

Mlinda_Koili
Mzee shikamoo. Kabla ya 2019 ilikuwa inabeba kama asilimia 75. Mwaka huo huo ikaletwa transfoma ya pili, lodi ikagawanywa, na tangu hapo hii inabeba asilimia 50. Asidi ilikuwa 0.28 mg KOH/g kabla ya kusafisha, sasa ni 0.04. Unyevu kwenye mafuta ulikuwa 32 ppm, sasa 14, na siku zote mbili mafuta yalikuwa karibu nyuzi 50.

Mzee_wa_Bushingi
Marahaba. Basi hiyo ndiyo siri ya ile 0.03. Mlipunguza joto, mkapunguza maji na asidi vilivyokuwa vinaikata karatasi, vyote kwa wakati mmoja. Lazima ipungue.

Sasa tazama mnachotaka kufanya. Kutoka asilimia 50 hadi 85, hasara ya koili inapanda kwa mraba: 85 gawa kwa 50, zidisha kwa yenyewe, ni karibu mara 2.9. Kwa krafti ya kawaida, mwongozo wa lodi wa IEC 60076-7 unachukulia kwamba kila nyuzi 6 zikiongezeka mahali penye joto kuliko pote, kasi ya kuzeeka inakuwa maradufu. Nyuzi 12 ni mara nne, 18 ni mara nane. Kasi ya 0.03 imepimwa kwenye lodi ya 50. Haikuambii lolote kuhusu lodi ya 85.

Kuhusu hali ya karatasi leo, fanya hesabu hivi. Sampuli ya mwisho kabla ya kusafisha ni ya Machi 2018, na kazi ilifanyika Agosti 2019. Kwa kasi ya 0.17 kwa mwaka, siku ya kusafisha mlikuwa karibu 1.8. Kwa tani 18 za mafuta hiyo ni gramu 32 za 2-FAL, kiasi kinachoenea kwenye vijiko vichache tu, na nyingi ya hizo ziliishia kwenye udongo. Juu ya 1.8 ongeza 0.13 iliyojitokeza tangu 2020, unapata 1.93. Ingiza kwenye fomula ile ile ya Chendong: DP ni 350. Hiyo ndiyo namba ya kupeleka kikaoni, si 506. Na mimi naichukulia 350 kuwa dari, kwa sababu karatasi iliyoachia furani zake inanyonya tena sehemu ya zile zinazozaliwa, hivyo 0.13 ni pungufu ya kilichotengenezwa kweli.

Nguzo_ya_Mtaa
Samahani wakuu, na mimi nina swali kama hilo. Zangu ni transfoma za miaka 15, karatasi imeandikwa imeboreshwa kuhimili joto. 2-FAL ni chini ya 0.01 zote. Nikitumia hiyo fomula napata DP juu ya 1000. Kwa hiyo ziko kama mpya, sivyo?

Zuhura_Maabara
Usiitumie fomula hiyo kabisa, ndugu. Chendong ni ya krafti ya kawaida. Karatasi iliyoboreshwa ina viambato vya nitrojeni vinavyofanya 2-FAL itokee kidogo mno hata karatasi ikiwa imechoka. Kwako 0.01 haithibitishi uzima wala ugonjwa. Fuatilia CO na CO2 kwenye kipimo cha gesi, na kama maabara yako inapima methanoli, omba hiyo.

Turudi kwa Mlinda_Koili. Nakubaliana na njia ya mzee, lakini msiipe ile 350 uzito wa kipimo. Ukiweka 1.93 hiyo hiyo kwenye fomula ya De Pablo,

```
DP = 7100 / (8.88 + 2FAL)
```

unapata 657. Furani zile zile, na tofauti ya DP zaidi ya 300. Kila fomula ina dhana yake kuhusu kiasi gani cha karatasi kimezeeka, na furani kwenye mafuta ni wastani wa karatasi yote. Kama diski chache za juu za koili ndizo zilizochoka, tani 18 za mafuta zitazificha.

Mzee_wa_Bushingi
Kweli kabisa, na ndiyo maana naegemea namba ya chini. Karatasi dhaifu inaweza kukaa kimya miaka, kinga yake ya umeme ikiwa bado nzuri, hadi siku ya shoti ya nje koili zinapotikisika na karatasi kupasuka. Mwisho wa uhai tunauhesabu DP 200.

Zuhura_Maabara
Sampuli ijayo ichukuliwe vizuri, maana nimeona tofauti kubwa zinazotokana na chupa tu. Tumia valvu ile ile ya chini kila mara. Ifute, mwaga lita 2 za kwanza, suuza chupa kwa mafuta yenyewe, kisha jaza chupa ya kioo cha kahawia. Mwanga unaharibu furani, kwa hiyo chupa nyeupe iliyoachwa dashibodini itakupa namba ya chini na utafurahi bure. Andika joto la mafuta na lodi ya saa ile. Mafuta yakiwa moto furani nyingi zinatoka karatasini, yakipoa zinarudi, hivyo ya mchana wa lodi kubwa na ya alfajiri hazilinganishwi. Soma pia kipimo kilichotumika: ripoti ikisema 550 kwa maikrogramu kwa kilo, hiyo ndiyo 0.55 ppm yako.

Na kwenye fomu, hata kama hakuna sehemu, andika kwa kalamu pembeni: mafuta yalisafishwa Agosti 2019.

Kilovolti
Je, wakifungua na kukata kipande cha karatasi wapime DP moja kwa moja?

Mzee_wa_Bushingi
Kama kuna sababu nyingine ya kushusha mafuta, ndiyo. Kipande kidogo kutoka kwenye nyaya za kutokea juu ya koili, kipimwe kwa mnato. Lakini hapo si mahali penye joto kuliko pote, kwa hiyo DP utakayoipata itakuwa bora kuliko ya ndani ya koili. Kufungua tenki kwa ajili ya hilo tu sikushauri, unyevu utakaouingiza unaweza kuwa na hasara kuliko faida ya namba.

Mlinda_Koili
Nimeelewa. Nitapeleka 350 pamoja na maelezo ya 657, na nitapendekeza tusiende 85 kwa mkupuo. Nafikiria asilimia 65, feni zote zikiwa zimehakikiwa, kisha sampuli kila baada ya miezi 6. Kasi ipi iwe ya kusimama?

Zuhura_Maabara
Ningesimama ikirudi 0.17 kwa mwaka, ile ya zamani. Ila kumbuka miezi ya kwanza itapanda kidogo kwa sababu ya joto jipya tu, msikimbie kwa hilo. Anza kuhesabu kasi kuanzia sampuli ya pili.

Mzee_wa_Bushingi
Mimi kwa karatasi ya DP 350 nisingesubiri ifike 0.17. Ikifika 0.08 ningerudisha lodi chini. Na hata hiyo 65 nisingeikubali kabla ya kuona CO na CO2 za miaka hii minne. Ziweke hapa kama unazo.