Mgeni kalipia siku tatu hakufika: notisi ipi kati ya hizi tatu?

MamaLodge_Ipagala
Wakuu, habari za jioni. Nina lodge ya vyumba vichache hapa Ipagala. Mgeni wa Dar alilipia kwa simu kulala Jumatatu, Jumanne na Jumatano, 70,000 kwa usiku, jumla 210,000. Ni kipindi cha Bunge la Bajeti, mnajua vyumba vinavyogombaniwa Dodoma. Jumatatu hakutokea, simu haipatikani. Tukamshikia chumba usiku kucha. Jumanne mchana akaja mgeni mwingine, tukampa kwa bei ileile, akalala usiku mmoja akaondoka. Jumatano chumba kikakaa kitupu.

Kabla hajalipa tulimwandikia WhatsApp: "Usipofika bila taarifa, malipo hayarudishwi." Akajibu "sawa".

Sasa nina rasimu tatu mezani. Kijana wa mapokezi kaandika: "Ndugu mteja, hukufika. Kwa masharti yetu 210,000 hairudi. Asante." Yangu inasema tunakata usiku wa kwanza tu na kurudisha 140,000. Mume wangu anataka tukate usiku wa kwanza, halafu 140,000 ikae kwetu kama salio, atumie akija tena ndani ya miezi mitatu. Mngetuma ipi?

Chuma_cha_Kibaigwa
Ya kijana. Kaandikiwa, kasema sawa, kalipa. Huo ni mkataba umekamilika. Ukianza kurudisha utazoesha watu.

Msafiri_Kondoa
Nyie wenye lodge ndio wabaya. Mimi nililipia chumba hapo Dodoma, basi likaharibika Gairo, nafika saa 9 usiku naambiwa chumba kimeuzwa na pesa hairudi. Nikalala kwenye kiti mpaka kunakucha. Rudisha pesa za watu!

MamaLodge_Ipagala
Pole sana kaka, ila huyu wangu hakufika kabisa, wala hakupiga simu.

Mhasibu_AreaC
Dada, nimefanya hesabu za hoteli miaka mingi, naomba niingie taratibu.

Kaka wa Kondoa kaongelea jingine lakini kagusa jambo. Mgeni wa Jumatatu anayefika saa 9 usiku bado ni mgeni wa Jumatatu, hata kama tarehe kwenye simu imeshageuka. Kwa hiyo kutofika hakuhesabiwi saa 6 usiku. Unasubiri kupambazuke, unapiga simu tena, na muda wa kutoka ukipita ndipo unasema hakufika. Wewe umesubiri mpaka Jumanne mchana, hapo uko vizuri. Huo muda uandike kwenye notisi, maana ndio unaoonyesha kwamba ile 70,000 ya Jumatatu ilifanya kazi: chumba kilikuwepo, kimefungwa, kinamngoja yeye.

Chuma yuko sahihi nusu. Makubaliano yapo, tena yametangulia malipo, na bila hayo usingekuwa na pa kusimamia. Lakini ukitaka kushika pesa ya siku zote tatu, lazima chumba nacho ukishike siku zote tatu. Jumanne umekiuza. Ukibaki na 70,000 yake na 70,000 ya yule mwingine, kitanda kimoja kimelipwa mara mbili kwa usiku mmoja. Sheria yetu ya Mikataba nayo, hata pale kiasi kimetajwa kwenye makubaliano, inampa aliyevunjiwa fidia inayostahili isiyozidi kiasi hicho. Haisemi achukue chote hata kama hakupoteza.

Chuma_cha_Kibaigwa
Sawa, Jumanne nimekuelewa. Na Jumatano? Ilikaa tupu. Akate 140,000, arudishe 70,000.

Mhasibu_AreaC
Hapo ndipo watu wa hoteli hugawanyika. Mimi naona alipompa mtu mwingine funguo Jumanne, bukingi ya yule wa kwanza ilikufa. Angetokea Jumanne jioni asingepata chumba chake. Kwa hiyo Jumatano ilikuwa biashara ya lodge, kuuza au kukosa.

Chuma_cha_Kibaigwa
Mimi naona ilikufa kwa sababu yake yeye. Hatutakubaliana, tuendelee.

Dada_wa_Mapokezi
Mimi nakaa kaunta kila siku. Kabla ya notisi yoyote fungua kitabu cha wageni usome majina yote ya Jumatatu. Bukingi nyingi hufanywa na karani au dereva wa ofisi, mgeni mwenyewe anakuja na jina jingine, anapewa chumba kingine na kulipishwa upya. Ukimwandikia "hukufika" na alilala kwako, aibu ni yako. Angalia pia kama alituma ujumbe kwenye namba nyingine ya lodge.

Rasimu ya kijana kosa lake ni kuanza na pesa. Mtu aliyezima simu siku mbili huenda yuko msibani. Sisi tunatuma ujumbe wa kwanza wa kumuulizia tu, tena siku ileile ya kwanza. Habari ya hesabu inakuja kwenye ujumbe wa pili.

Ya mume wako naikubali kama mgeni akichagua mwenyewe. Ukimlazimisha, umeikopa pesa yake bila kumuomba. Na andika kama salio linatumika wakati wa Bunge au la, maana bei hupanda na hapo ndipo ugomvi huanzia.

Mhasibu_AreaC
Naunga mkono. Basi changanya yako na ya mzee, hivi:

"Ndugu mgeni wetu, salaam kutoka Ipagala. Tulikutarajia Jumatatu na tukakupigia simu bila kukupata. Tunatumaini u mzima. Chumba chako tulikishikilia hadi Jumanne saa 6 mchana.

Ulilipa 210,000 kwa kulala siku tatu. Usiku wa Jumatatu, 70,000, tunaukata kwa sababu chumba kilibaki kikikusubiri, kama tulivyokuandikia kabla ya malipo. Kuanzia Jumanne mchana tulikiachia kwa wageni wengine, hivyo 140,000 iliyobaki ni yako. Tunaweza kuirudisha kwenye namba iliyolipa, au kukuwekea kwa safari ijayo ndani ya miezi mitatu, kwa bei ya siku utakayokuja. Tusipopata jibu ndani ya siku saba tutairudisha. Kama ulitupa taarifa ambayo hatukuiona, tafadhali tutumie tuiangalie upya."

Makato ya kutuma beba wewe, ni kidogo kuliko mabishano yake. Na hapo kwenye "namba iliyolipa" usilegeze. Akikwambia tuma kwa namba nyingine, kwanza piga ile iliyolipa uongee naye, kisha linganisha jina na lile la kwenye ujumbe wa malipo.

Binti_Nkuhungu
Swali: risiti ya EFD ilishatoka ya 210,000. Sasa mauzo ni 70,000. Inakuwaje?

Mhasibu_AreaC
Usiifute kienyeji. Tunza notisi na uthibitisho wa kurudisha pesa, mpelekee mtu wako wa hesabu kabla ya ritani ya mwezi. Namna ya kurekebisha inategemea umesajiliwaje, siwezi kumjibia hapa.

MamaLodge_Ipagala
Nimecheki kitabu, hakuna jina linalofanana. Nimetuma kama ilivyo, nimeongeza tu tarehe. Kajibu baada ya saa moja: alifiwa njiani akageuzia Morogoro, anashukuru, usiku wa kwanza hana neno. Ila anaomba 140,000 iende kwa namba ya shemeji yake.

Dada_wa_Mapokezi
Mpe pole. Kisha mpigie kwenye namba iliyolipa. Asipopokea, usitume leo.