Mrejesho: Barua ya ukaguzi kwa menejimenti sasa imepangwa kwa uzito wa hatari

Niliuliza: "Nina hoja 14 za ukaguzi wa chama cha akiba na mikopo, nizipangeje kwa hatari, na chanzo cha kila hoja nikiandikeje?"

Ndugu zangu, nashukuru. Barua imekamilika na meneja wa ukaguzi ameipitisha.

Kosa langu kubwa lilikuwa kupanga hoja kwa ukubwa wa fedha. Vocha ya shilingi milioni 6 isiyo na saini ya pili ilitangulia, ilhali malipo yenyewe yalikuwa halali na kasoro ilitokea mara moja tu. Usuluhisho wa benki, yaani kulinganisha daftari la fedha la chama na taarifa ya benki, ambao haukufanyika kwa miezi minne ulikuwa wa tisa, kwa kuwa haukuwa na kiasi cha kutaja. Nilipopima uwezekano wa tatizo kutokea pamoja na ukubwa wa madhara yake, usuluhisho ulipanda hadi wa kwanza.

Chanzo ndicho kilichonisumbua zaidi. Nilikuwa nimeandika "usuluhisho haukufanyika", maneno ambayo yanarudia hoja yenyewe. Niliporudi kuuliza, nikakuta mhasibu anayepokea fedha ndiye anayezipeleka benki na ndiye anayetakiwa kusuluhisha, wala hakuna anayemkagua. Athari ikawa wazi: fedha zilizopokelewa zisipofika benki, hakuna atakayegundua mapema. Pendekezo nalo likabadilika kutoka "usuluhisho ufanyike kwa wakati" kuwa kazi hiyo apewe afisa asiyeshika fedha, aikamilishe ndani ya siku 10 baada ya mwezi kuisha, na meneja wa chama aisaini.